Anakujibu au hakujibu? Mshtuko wa moyo, moyo kusimama na kiharusi

Ndugu zangu, mtu akizidiwa mtaani husemwa kwamba presha imempanda, akamwagiwa maji, ilhali huenda ana moja kati ya matatizo matatu yanayotaka hatua tofauti kabisa. Tumchukulie fundi cherehani wa miaka 58, ambaye anaacha kushona kwa sababu kifua kinambana kama kimefungwa kamba, maumivu yanapanda hadi kwenye taya na kushuka mkono wa kushoto, na jasho linamtiririka ingawa feni inazunguka. Mwenyewe anasema ni vidonda vya tumbo. Dalili hizo zikidumu kwa dakika kadhaa hata baada ya kupumzika, msimwamini.

Huo ni mshtuko wa moyo: mshipa unaolisha msuli wa moyo umeziba, lakini moyo wenyewe bado unapiga, ndiyo maana fundi anaongea. Mkalishe chini akiegemea ukuta, asitembee hata hatua chache, na uagize gari la wagonjwa mara moja. Ikiwa aspirini haimdhuru na hana tatizo la kutokwa damu, mpe miligramu 300, na aitafune badala ya kuimeza nzima, ili ifanye kazi haraka.

Sasa, kabla gari halijafika, anaanguka. Unamtikisa mabega, unamwita, hajibu. Naomba hapa mnisikilize kwa makini, kwa sababu wengi hupotezwa na jambo moja: moyo ukisimama, mtu anaweza kuendelea kwa muda kukoroma au kutweta mara moja moja, na waliomzunguka wakasema, "Bado anapumua." Huko si kupumua. Mmoja apige simu, mwingine aweke kisigino cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, agandamize kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, akikiacha kifua kirudi juu kila mara. Mpokezane kila baada ya dakika 2, maana mikono huchoka kabla mwenyewe hajatambua. Kama mashine ya kushtua moyo ipo karibu, iletwe na maelekezo yake yafuatwe.

Lakini kama fundi huyo hakulalamika kifua, bali mkasi ulimdondoka ghafla, mdomo ukapinda upande mmoja na maneno yakawa hayaeleweki, hicho ni kiharusi. Hapo aspirini isiguswe, kwa kuwa mshipa wa ubongo huenda umeziba au umepasuka, na kwa macho hatuwezi kujua hadi apigwe picha ya kichwa. Hata maji asipewe, kwani huenda koo halimezi sawasawa. Awahishwe hospitali, na mtazame saa: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Akiwa ameamka asubuhi mdomo umeshapinda, mwambieni daktari saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, si saa aliyoamka.