Salio la benki tarehe 31 Desemba: barua imepita njia gani, na Januari inasema nini

Haya, kaeni kaeni, wale wa nyuma sogeeni mbele viti vipo, sauti yangu leo haiko vizuri. Nimeambiwa nizungumze na nyie mnaoanza kazi ya uodita, na nimechagua sehemu ambayo kila mtu anadhani ni rahisi ndio maana hupewa yule aliyeajiriwa juzi: fedha benki. Supavaiza anakwambia "wewe chukua benki, tuma barua za uthibitisho, angalia rekonsilieshen, ile karatasi ya kulinganisha salio la benki na la vitabu, ukimaliza niletee faili". Na unamaliza siku moja na nusu. Sasa nataka tuone jinsi unavyoweza kumaliza, faili limejaa tiki kila mahali, na hela haipo.

Tuanze na barua. Barua ya uthibitisho wa benki ni kitu gani? Ni odita anaiuliza benki moja kwa moja: huyu mteja wenu tarehe 31 Desemba alikuwa na akaunti zipi, kila moja ina shilingi ngapi, anadaiwa mkopo gani, ameweka dhamana gani, nani wanasaini. Mteja anasaini kuiruhusu benki ijibu, basi, kazi yake inaishia hapo kwenye saini. Anayeandika anuani ni odita, anayetuma ni odita, na jibu linarudi kwa odita. Viwango vya kimataifa vya ukaguzi vina kimoja kizima juu ya hili, ISA 505, na kiini chake ni kwamba udhibiti wa ile barua usitoke mkononi mwako.

Sasa mnacheka kwa sababu mnajua hali halisi ilivyo. Mhasibu anakwambia, "kaka usihangaike, meneja wa tawi namfahamu, nipe barua nipeleke mwenyewe kesho utakuwa na jibu." Na wewe una deadilaini, foleni ya mjini unaijua, unampa. Kesho yake jibu linakuja kweli, lina mhuri na saini, safi kabisa. Hiyo karatasi kama ushahidi haina tofauti na mhasibu kukwambia kwa mdomo kwamba hela ipo.

Niwape mtu mmoja. Kule Marekani, mji mdogo unaitwa Cedar Falls jimbo la Iowa, kulikuwa na kampuni ya udalali wa masoko ya bidhaa ikiitwa Peregrine Financial Group, mwenyewe Russell Wasendorf. Hela za wateja zilitakiwa zikae kwenye akaunti maalum benki. Huyu bwana aliziiba kidogo kidogo kwa karibu miaka 20, na muda wote huo maodita wanakuja, wanatuma barua, wanapata majibu, salio linalingana na vitabu. Alifanyaje? Alifungua sanduku la posta. Halafu steitimenti za benki alizokuwa anazitengeneza mwenyewe kwa Photoshop na Excel na skana na printa, akaweka juu yake ile anuani ya sanduku lake kama ndio anuani ya benki. Odita anachukua anuani kwenye steitimenti, anaandika bahasha kwa mkono wake, anaipeleka posta mwenyewe, anaona kabisa ametimiza kiwango, kumbe barua inaenda kwa Wasendorf. Anaifungua, anajaza kiasi anachotaka, anaghushi saini ya ofisa wa benki, anairudisha kwa odita kwa posta. Na ofisini kwake kulikuwa na utaratibu kwamba bahasha ya benki hakuna mtu mwingine kuifungua.

Alikamatwaje? Mwaka 2012 chombo kinachosimamia hizo kampuni kilihamia kwenye uthibitisho wa kielektroniki, yaani swali linaingia kwenye mfumo na linaenda kwa benki iliyosajiliwa humo, sanduku la posta halina nafasi tena. Julai mwaka huo mambo yakafumuka. Kwenye vitabu akaunti ilionekana na zaidi ya dola milioni 200, benki kulikuwa na kama milioni 5. Alihukumiwa miaka 50 jela, Januari 2013.

Kwa hiyo anuani ya benki msiichukue kwenye karatasi aliyokupa mteja. Si kwenye steitimenti, si kwenye barua ya mwaka jana iliyoko kwenye faili, maana na ya mwaka jana huenda ilitoka kwenye karatasi hiyo hiyo. Tafuta mwenyewe, piga simu makao makuu ya benki kwa namba uliyoitafuta wewe, uliza barua za maodita zinapokelewa kitengo gani. Jibu likija kwa imeli angalia hayo maneno baada ya alama ya @ herufi kwa herufi. Na orodhesha akaunti zote, hata zenye salio sifuri, hata iliyofungwa mwezi wa tatu, kwa sababu akaunti "iliyofungwa" ndio hupitishia mambo.

Haya, tuseme barua umeitunza vizuri, jibu limetoka benki kweli. Umemaliza? Hapa ndio nataka tukae.

Nimewatengenezea kampuni ya kubuni, inauza vifaa vya ujenzi kwa jumla, ina duka na stoo, akaunti moja ya benki. Mwaka unaishia 31 Desemba. Benki imejibu: shilingi 61,400,000. Ni kweli, hakuna ujanja. Kwenye kitabu cha fedha cha kampuni kuna 85,600,000. Katikati ndio mhasibu amekuletea rekonsilieshen: kuna hela iliyopelekwa benki bado haijaingia 38,500,000, unajumlisha. Kuna cheki tano walizotoa ambazo wenyewe bado hawajazipeleka benki, jumla 14,300,000, unatoa. Chukua kikokotoo. 61,400,000 ongeza 38,500,000 toa 14,300,000. Inafunga, 85,600,000 kamili mpaka senti. Na hapa vijana wengi wanaweka tiki, wanaandika "imekaguliwa, hesabu ni sahihi" wanageuza ukurasa. Umekagua kujumlisha na kutoa! Hesabu lazima ifunge, aliyeiandaa asingekuletea isiyofunga.

Majibu yako kwenye steitimenti ya Januari. Omba benki ikupe wewe moja kwa moja, ya kuanzia tarehe 1 Januari mpaka siku unayofanya kazi. Kila kilicho kwenye rekonsilieshen ni ahadi kwamba "kitapita hivi karibuni", sasa unaenda kuangalia kama kimepita.

Zile cheki tano: nne zimepita kati ya tarehe 3 na 15, jumla 12,000,000, hazina shida. Ya tano, 2,300,000, haijapita, na ukiangalia tarehe yake ni mwezi wa tano. Cheki ya zaidi ya miezi sita benki haiipokei tena, kwa hiyo hiyo hela bado ni ya kampuni na deni kwa yule msambazaji bado lipo. Inarudishwa pande zote mbili. Ni ndogo, lakini uliza kwa nini mtu akae na cheki yake miezi saba. Labda hakuwahi kuipata.

Sasa geuza kazi, na hii ndio watu wanaisahau. Usitoke kwenye orodha kwenda steitimenti tu, toka steitimenti ya Januari urudi kwenye orodha. Cheki ya mwisho kukatwa Desemba ilikuwa namba 001192. Kwa hiyo cheki yoyote iliyopita Januari yenye namba ya chini ya hapo ilitakiwa iwe kwenye orodha. Tunashuka na kidole... tarehe 6 Januari, cheki 001187, shilingi 9,200,000. Kwenye orodha haipo. Tunafungua kishina cha kitabu cha cheki, imeandikwa 28 Desemba. Kwenye kitabu cha fedha imeingizwa 5 Januari. Yaani cheki imetoka nje Desemba, vitabu vimeitambua mwaka mpya, ili salio la mwisho wa mwaka lionekane nono. Na kwa sababu haimo kwenye kitabu wala kwenye orodha, rekonsilieshen inafunga vizuri kabisa. Kikokotoo hakiwezi kukuonyesha hicho kitu hata ukirudia mara kumi.

Halafu ile 38,500,000. Mimi hata kabla ya steitimenti ningejiuliza: hili duka linauza wastani wa 4,200,000 kwa siku, na kila jioni kashia anatakiwa apeleke benki. Hela ya siku moja inakuwaje 38,500,000, ni mauzo ya siku tisa hayo. Tarehe 1 ni sikukuu sawa, basi tarehe 2 au 3 iwe imeingia. Hakuna. Inaingia 24,000,000 tarehe 19 na 14,500,000 tarehe 23. Omba zile pei-in-slipu za kuwekea hela benki, mhuri wa benki una tarehe 19 na 23, wala sio 31 Desemba. Sasa linganisha na risiti za dukani: hela iliyopelekwa tarehe 19 ni ya wateja waliolipa Januari katikati. Mauzo ya Desemba kashia alishayatumia, anaziba shimo la zamani kwa hela mpya, na shimo jipya ataliziba kwa hela ya Februari.

Tupige upya. Benki 61,400,000 toa cheki za kweli ambazo mpaka 31 Desemba zilikuwa hazijapita, zile nne 12,000,000 na ile iliyofichwa 9,200,000. Zinabaki 40,200,000. Jaribu upande wa kitabu: 85,600,000 toa 38,500,000 toa 9,200,000 rudisha 2,300,000, unapata 40,200,000 ile ile. Chini ya nusu ya walichoandika, na barua ya benki ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Kwa Peregrine uongo ulikuwa upande wa benki, hapa uko upande wa kitabu, na barua haioni upande wa kitabu.

Dada pale ameuliza kuhusu hela za kwenye simu, za laini ya biashara. Swali zuri. Omba kampuni ya simu ithibitishe salio la mteja kwa njia ile ile, na lichukue kama akaunti nyingine. Ila angalia uhamisho wa tarehe 30 na 31 kutoka kwenye laini kwenda benki. Chora jedwali la vitabu na la taarifa halisi, tarehe imetoka lini na imeingia lini, pande zote. Ukikuta benki kwenye kitabu imeongezwa 31 Desemba na laini imepunguzwa 2 Januari, hiyo hela imehesabiwa mara mbili. Haya, nani mwingine, yule mwenye shati la bluu.