Hotuba ya Kuwakaribisha Wageni kwa Kifaransa

SALMA: Hamjambo wasikilizaji. Tuseme skuli ya hapa Unguja inapokea ugeni wa wanafunzi kutoka Ngazija, na mwakilishi wa darasa, msichana, atawakaribisha kwa Kifaransa. Mwalimu Khamis, aanzie wapi?

KHAMIS: Aanze kuwataja watu kwa kufuata heshima: mkuu wa msafara, walimu, kisha wanafunzi wenzake. "Monsieur le Directeur, chers professeurs, chers amis." Mkuu akiwa mwanamke, ni "Madame la Directrice". Hilo aliulize mapema.

SALMA: Na hapo kwenye "chers amis" wengi huteleza.

KHAMIS: Ndiyo, kwa sababu sisi tumezoea kusoma kila herufi. Kwenye "chers professeurs" hiyo s ya "chers" haisikiki. Kwenye "chers amis" irabu inafuata, kwa hiyo s inatoka kama z: "sher-zami". Kisha sentensi yenyewe: "Au nom de ma classe, je suis heureuse de vous souhaiter la bienvenue à Zanzibar."

SALMA: "Heureuse", maana anayesema ni msichana.

KHAMIS: Mvulana atasema "heureux", na x haisikiki. Taabu huja pale hotuba iliyoandikwa kwa ajili ya mvulana anapopewa msichana kuisoma bila kubadilishwa. Akisema "nous sommes" kwa niaba ya darasa la wavulana na wasichana, inarudi "heureux". Darasa likiwa la wasichana watupu, ni "heureuses".

SALMA: Hiyo "la" ya "la bienvenue" nayo isiachwe. Na kwa Zanzibar ni "à", ingawa kwa Komoro tunasema "aux Comores".

KHAMIS: Barabara. Baada ya hapo ashukuru: "Merci de nous rendre visite." Asiseme "merci de nous visiter". Kitenzi "visiter" ni cha mahali: unazuru mji, jumba, makumbusho. Mtu unamwendea kwa "rendre visite". Kwa hiyo sentensi inayofuata ndipo "visiter" inapokaa vizuri: "Cet après-midi, nous visiterons ensemble la vieille ville."

SALMA: Yaani jioni watatembezwa Mji Mkongwe.

KHAMIS: Ndiyo, na wageni wanapata ratiba yao humo humo. Amalizie: "Je vous souhaite un bon séjour parmi nous. Je vous remercie."

SALMA: Wanafunzi wenzake hawezi kuwaambia "tu"?

KHAMIS: Mmoja mmoja, wakati wa chai, sawa. Kwenye hotuba anasema na wengi, na kwa wengi ni "vous" tu, hata wawe rika lake.

SALMA: Yote hiyo haifiki dakika moja.

KHAMIS: Ndiyo maana asikimbie. Avute pumzi baada ya "chers amis", na tena baada ya "Zanzibar", kwa sababu hapo ndipo wageni watakapopiga makofi. Akiunganisha moja kwa moja na "merci", shukrani yake itamezwa na makofi.