Uzito upi tupigie hesabu ya dozi kwa mtoto mnene?

Ndugu matabibu na wauguzi, tuchukue mtoto wa kiume wa miaka 10 mwenye maambukizi ya figo. Kimo chake ni sentimita 140, mzani unasoma kilo 60. Mmeamua kumpa jentamaisini, miligramu 7.5 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Kilo zipi?

Mkitumia zote 60, mtampa miligramu 450. Jentamaisini hupenda maji, haipendi mafuta. Katika kilo alizozidisha inaingia kidogo tu, kwa hiyo sehemu kubwa hubaki kwenye damu, na wanaoumia ni figo na masikio.

Basi tutafute uzito unaolingana na kimo chake. Chati ya Shirika la Afya Duniani inaonyesha kuwa mvulana wa miaka 10 aliye katikati ya wenzake ana uwiano wa uzito kwa kimo, yaani BMI, wa takriban 16.4. Zidisheni kwa kimo cha mita kilichozidishwa chenyewe: 16.4 × 1.4 × 1.4, tunapata kilo 32. Bila kupima kimo hesabu hii haipo, na nasisitiza hivyo kwa sababu wodi nyingi hupima uzito na kuishia hapo.

Lakini kwa kilo 32 dozi inakuwa 240, na bakteria wanaweza kupona. Mafuta nayo yana maji kiasi. Ndiyo maana kwa dawa hii tunaongeza asilimia 40 ya ziada:

32 + 0.4 × (60 − 32) = kilo 43

Dozi ni takriban miligramu 320. Hiyo 0.4 ilitokana na watu wazima, kwa hiyo ni mahali pa kuanzia tu. Pimeni kiwango cha dawa kwenye damu kabla ya dozi ya pili. Kiwe chini ya miligramu 1 kwa lita. Maabara ikishindwa, fuatilieni kreatinini na mkojo, na mwulizeni mtoto kama masikio yanavuma au ana kizunguzungu.

Msihamishie kilo 43 kwenye dawa nyingine. Parasetamoli ya miligramu 15 kwa kilo ingekuwa 900 kwa uzito wa mzani. Mimi nampa 500, kwa zile kilo 32, nikilihurumia ini. Suksamethoni ya kuwekea mpira wa hewa ni kinyume: hupigiwa uzito wote wa mzani, kwa kuwa kimeng'enya kinachoivunja huongezeka kwa mtu mnene. Seftriaksoni pia hupigiwa uzito wa mzani, ila isivuke kiwango cha juu cha mtu mzima.

Kwenye faili andikeni uzito wa mzani, uzito uliotumika, na sababu yake. Muuguzi wa zamu ya usiku akiona kilo 60 na miligramu 320 pekee, ataamini dozi imepunjwa, na anaweza kumpigia daktari aliye nyumbani ili iongezwe.