Usifungue jedwali kabla ya kuuliza eneo

Nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia: ukinipa X(z), badiliko-z la ishara x[n], yaani jumla ya x[n]z^(−n) kwa kila n, ukitaka nikurudishie x[n] bila kunipa eneo la mkutano, yaani zile thamani za z ambazo mfululizo wake una jumla, hujanipa swali kamili. Tazameni hii:

X(z) = 3z/((z − 0.5)(z − 2))

Kabla ya kuvunja, gawanya kwa z, maana kila kipande tunakitaka katika umbo la z/(z − a). Inabaki 3/((z − 0.5)(z − 2)). Ziba z − 0.5, kisha weka 0.5 kwenye kinachobaki: 3/(−1.5), yaani −2. Ziba z − 2, weka 2: 3/1.5, yaani 2. Rudisha z:

X(z) = −2z/(z − 0.5) + 2z/(z − 2)

Hapa ndipo kalamu zinapokimbilia jedwali la badiliko-z. Ngojeni kwanza! z/(z − a) inafunguka kwa njia mbili. Nje ya duara, |z| > |a|, ni 1 + a/z + a²/z² na kuendelea: ishara inayokwenda mbele, a^n u[n], ambapo u[n] ni 1 kuanzia n = 0 na sifuri kabla yake. Ndani ya duara mfululizo huo hauna jumla, kwa hiyo unaandika −z/a − z²/a² na kuendelea: ishara inayorudi nyuma, −a^n u[−n−1]. Kila kipande kiulize: eneo liko nje ya duara lako, au ndani?

Likiwa |z| > 2, vyote viwili vinakwenda mbele. Kuanzia n = 0 tunapata 0, 3, 7.5, na ishara inazidi kukua bila kikomo. Likiwa |z| < 0.5, vyote vinarudi nyuma: 3 kwenye n = −1, 7.5 kwenye n = −2.

Likiwa kati ya 0.5 na 2, cha kwanza kinakwenda mbele na cha pili kinarudi nyuma:

x[n] = −2(0.5)^n u[n] − 2(2)^n u[−n−1]

Hesabuni: −2 kwenye n = 0, −1 pande zote mbili, −0.5 pande zote mbili. Ni −2(0.5)^|n|, inayofifia kotekote.

Mtu ataniambia, “Mwalimu, ishara halisi huanza sifuri, basi chukua la kwanza tu.” Ukichuja papo kwa papo, sawa. Lakini rekodi iliyokwisha hifadhiwa unaweza kuichuja kuanzia mwisho wake, na hapo jibu la kati ndilo pekee lisilolipuka, kwa sababu eneo lake lina duara |z| = 1 ndani yake. Kwa hiyo unaweza hata kulipima: weka z = 1 kwenye X(z), unapata 3/(0.5 × −1) = −6. Jumlisha ishara: −2 katikati, −2 upande wa kulia, −2 upande wa kushoto. Ni −6. Kipimo hiki usikipeleke kwenye yale mawili mengine; z = 1 haimo katika maeneo yao.

Asili ikiwa na (z − a)², vipande vinaongezeka, ila swali kwa kila kimoja ni lilelile.