Sakafu ya bei ya dhahabu iko wapi? Mhadhara uliotolewa Mwanza

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, habari za mchana.

Wiki iliyopita nilikaa Nyakato na mzee mmoja mchenjuaji. Anataka kukopa anunue marudio, ule mchanga uliokwisha pita kwenye mialo ya kuoshea dhahabu, akaoshe upya kwa sayanaidi. Akaniambia: "Mwanangu, migodi mikubwa inatumia dola elfu moja na mia kadhaa kupata wakia moja. Bei haiwezi kushuka chini ya hapo. Ikishuka watafunga, dhahabu itaadimika, bei itapanda tena." Mkopo wake wote umeegemea hapo. Hoja yake ina ukweli, lakini imekosa kitu kikubwa, na ndicho nilichokuja kukieleza leo.

Tuanze na hiyo gharama yenyewe. Kwenye ripoti za migodi huandikwa AISC, kifupi cha Kiingereza cha gharama yote ya kudumisha uzalishaji wa wakia moja. Baraza la Dhahabu Duniani lilitoa mwongozo wake Juni 2013, kwa sababu kabla ya hapo kampuni zilitangaza gharama za uendeshaji peke yake: mishahara, dizeli, umeme, kemikali, mrabaha. Nendeni mwaloni Kirumba mkamwulize mwenye mtumbwi wa dagaa usiku mmoja unamgharimu kiasi gani. Atataja petroli, taa na posho za vijana. Wavu hautaji, kwa kuwa wavu ulinunuliwa zamani. Lakini wavu unachakaa kila usiku, na siku ukikatika hakuna uvuvi. AISC ni hesabu inayouingiza wavu: malori ya kubadilisha yaliyochoka, kuondoa kifusi ili kufikia mbale za mwakani, yaani mawe yenye dhahabu, utafiti wa kuendeleza mgodi uliopo, ofisi kuu, na fedha ya kufukia mashimo mgodi ukifungwa. Haiingizi kodi ya mapato, wala riba, wala gharama ya kujenga mgodi mpya.

Sasa, mvuvi ambaye dagaa wake wanalipa petroli lakini hawatoshi kununua wavu, je, ataacha kwenda ziwani kesho? Haachi. Anakwenda leo, kesho na keshokutwa, mpaka wavu umwishie mkononi. Mgodi nao ni hivyohivyo. Bei ikishuka chini ya AISC lakini ikabaki juu ya dizeli na mishahara, kusimama ni hasara kubwa kuliko kuendelea, kwa sababu kufunga nako kunalipiwa: kuna mafao ya wafanyakazi, na kuna mashimo ya kufukia. Kwa hiyo dhahabu inaendelea kutoka kwa miaka, na kule kuadimika anakokutegemea mzee wangu hakuji kwa wakati wake.

Hayo yamewahi kutokea hapahapa Kanda ya Ziwa. Mwaka 2012 wastani wa bei ya dhahabu ulikuwa karibu dola 1,670 kwa wakia. Kampuni ya African Barrick, iliyokuwa na Bulyanhulu, Buzwagi, North Mara na Tulawaka, ilikuwa na AISC ya zaidi ya dola 1,500. Mtu aliyechukua hesabu ya mzee wangu mwaka ule angesema sakafu ni 1,500. Mwaka uliofuata bei iliporomoka, na Desemba 2015 wakia ilifika karibu dola 1,050. Kampuni ile, ambayo kufikia wakati huo ilikwisha badili jina na kuitwa Acacia, haikufunga migodi yake mikubwa. AISC yake ilishuka hadi karibu 1,360 mwaka 2013, na mwaka 2016 ilikuwa chini ya 1,000. Bei ilishuka, na gharama ikaifuata.

Ilifuataje? Sehemu moja ilitoka nje ya mgodi. Mafuta ghafi yalianguka kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014 hadi chini ya 40 mwishoni mwa 2015. Shilingi yetu nayo ilitoka karibu 1,600 kwa dola mwanzoni mwa 2014 hadi zaidi ya 2,100, hivyo mshahara uleule wa shilingi ukawa dola chache zaidi. Hata mrabaha hufuata bei. Leo ni asilimia 6, na asilimia 1 ya ukaguzi juu yake. Wakia ikiuzwa dola 3,000 serikali inachukua 210, ikiuzwa 2,000 inachukua 140. Dola 70 zimetoka kwenye gharama bila mtu kubana chochote.

Lakini njia ninayotaka muishike ni ya mbale. Chukulieni mgodi wa mfano ambao kuchimba na kuchenjua tani moja kunagharimu dola 60. Mbale zina gramu 2 kwa tani, na kinu kinakamata asilimia 90, kwa hiyo unapata gramu 1.8. Wakia ni gramu 31.1, basi unahitaji tani 17.3, ambazo ni kama dola 1,040. Sasa bei imeshuka. Meneja anaamua kupeleka kinuni mbale za gramu 3 peke yake na kuziacha zile hafifu. Anapata gramu 2.7 kwa tani, anahitaji tani 11.5 tu, na wakia inamgharimu dola 690. Theluthi nzima imeondoka, na hakupunguza hata lita moja ya dizeli kwa kila tani. Alichofanya ni kula kwanza nyama na kubakiza mifupa. Mgodi wake utaisha mapema, lakini hilo halionekani kwenye AISC ya mwaka huu.

Mtalitambuaje? Kwenye ripoti, linganisheni gramu kwa tani zilizopita kinuni na gramu kwa tani za akiba iliyobaki ardhini. Ya kinuni ikizidi ya akiba mwaka baada ya mwaka, gharama ile ndogo imekopwa kutoka kesho. Tazameni pia kama kuondoa kifusi kumepungua ghafla. Wa Geita wananielewa: magwangala, yale mawe ya mabaki ya mgodi yanayogombaniwa leo, yaliitwa takataka kwa bei ya siku yalipomwagwa.

Na mgodi ukishindwa kabisa, mwamba haupotei. Tulawaka ilipofikia mwisho kwa mwenyewe wa kwanza, STAMICO, shirika la madini la serikali, waliichukua mwaka 2013, na dhahabu ikaendelea kutoka Biharamulo chini ya kampuni yao tanzu, STAMIGOLD. Mwenye mgodi wa pili hajabeba gharama ya ujenzi kama wa kwanza, kwa hiyo sakafu yake iko chini zaidi.

Kwa shaba hoja ya mzee ina nguvu zaidi, kwa sababu shaba inatumika na akiba iliyopo ghalani ni ndogo. Dhahabu hailiwi. Iliyokwisha chimbwa duniani ni zaidi ya tani 200,000, na migodi yote inaongeza kama tani 3,600 kwa mwaka, chini ya asilimia 2. Bei inaamuliwa hasa na walioishika: benki kuu, wenye vipande vya dhahabu, kina mama wenye bangili. Migodi kadhaa ikifunga, soko halitajua mwaka huo. Kwa miaka kumi hivi ndipo gharama inapoanza kusema, kwa sababu bei isipolipa ujenzi wa migodi mipya, iliyopo inakwisha na hakuna ya kuirithi.

Aliniuliza mama mmoja hapo mbele: sasa yule mzee umemwambia nini? Nilimwomba afungue daftari aandike namba mbili. Ya kwanza ni bei ambayo ikishuka chini yake marudio hayamlipi sayanaidi, maji, mafuta na vijana. Ya pili ni hiyohiyo ukiongeza rejesho la mkopo kila mwezi. Kati ya namba hizo mbili yeye ataendelea kufanya kazi, lakini benki hatailipa. Tulikokotoa pamoja, ikaonekana namba ya pili iko karibu mno na bei ya siku ile. Ameamua kununua nusu ya marudio kwa fedha yake mwenyewe.