Uchakavu si malipo: tunarekebisha vitabu vya mashine ya kusaga

Karibu ndugu mtazamaji. Leo tunafungua vitabu vya mashine ya kusaga nafaka iliyoko Kibaigwa, mkoani Dodoma. Mashine ni ya shangazi, na vitabu vinatunzwa na kijana wake. Kijana aliniletea swali hili: "Mwalimu, hesabu zangu zimelingana kila mahali, lakini kitabu changu cha benki kinasema tuna milioni 8 na benki wanasema tuna milioni 10. Nani amekosea?"

Chukua karatasi na kalamu, tuifanye kazi hii pamoja. Namba nimezirahisisha na kodi nimeiweka pembeni kwanza. Tutairudia kwa ufupi baadaye.

Hatua ya kwanza, andika yaliyotokea mwaka 2024. Tarehe 1 Januari shangazi aliweka benki mtaji wa shilingi 15,000,000. Siku hiyohiyo akanunua mashine kwa 12,000,000 na kuilipa yote kwa hundi. Benki zikabaki 3,000,000.

Mwaka mzima wateja walilipa 18,000,000 za kusagiwa, zote taslimu, zote zikapelekwa benki. Hakuna aliyekopeshwa. Malipo yaliyotoka ni umeme 5,400,000, mishahara 3,600,000, pango 1,200,000, na matengenezo 800,000, yaani mikanda, chekeche zilizotoboka na nyundo zilizolika. Jumla ya malipo hayo ni 11,000,000.

Simamisha video kidogo, uhesabu mwenyewe salio la benki la tarehe 31 Desemba. Ulianza na milioni 3, ongeza 18, toa 11. Umepata 10,000,000? Ndivyo taarifa ya benki inavyosema.

Hatua ya pili, tafuta uchakavu wa mwaka, yaani fungu la gharama ya mashine linalobebwa na mwaka mmoja. Mashine inatarajiwa kufanya kazi miaka 5, na baada ya hapo shangazi anakadiria kuiuza kwa 2,000,000. Kwa hiyo thamani itakayotumika katika miaka hiyo ni milioni 12 kutoa milioni 2, yaani milioni 10. Gawa kwa 5, kila mwaka unabeba 2,000,000. Hii ni njia ya mstari mnyoofu, na kijana aliifanya bila kosa.

Sasa tazama hapa kwenye skrini alivyoingiza kwenye vitabu:

Debiti: Gharama ya uchakavu 2,000,000
Krediti: Benki 2,000,000

Tatizo limekaa kwenye mstari wa pili. Ukikrediti benki unasema fedha imetoka. Shangazi alipouona mstari ule aliuliza swali zuri kuliko maswali yote ninayoulizwa darasani: "Hiyo milioni mbili umemlipa nani, mwanangu?" Kijana hakuwa na jina la kutaja. Umeme una risiti, pango lina mwenye nyumba, mishahara ina watu waliosaini. Uchakavu hauna mpokeaji.

Mpokeaji wa fedha ya mashine alikuwepo, lakini alilipwa tarehe 1 Januari, tena alilipwa zote. Hapa naomba tukae kidogo.

Milioni 12 zilitoka siku moja. Tungeziandika zote kama gharama ya mwaka 2024, mwaka huo ungeonyesha hasara ya milioni 5, kisha miaka minne inayofuata ingeonyesha faida kubwa, kana kwamba mashine inasaga bure. Hilo lingempotosha shangazi, kwa sababu mashine inafanya kazi miaka yote mitano. Ndiyo maana gharama ya mashine tunaigawa, na kila mwaka unabeba fungu lake. Kinachogawanywa ni gharama ya fedha iliyokwishatoka. Kugawa huko kunafanyika kwenye vitabu tu, na droo ya fedha haiguswi.

Ukitaka kuliona kosa vizuri, liendeleze hadi mwisho wa miaka mitano. Kwa vitabu vya kijana, zimetoka milioni 12 za kununulia, kisha milioni 2 kila mwaka mara 5, jumla milioni 22 kwa mashine ya milioni 12. Kwa vitabu sahihi, zimetoka milioni 12 mwanzoni, zimerudi milioni 2 mashine ilipouzwa, tofauti ni milioni 10. Na jumla ya uchakavu wa miaka mitano ni kiasi gani? Milioni 10 ileile. Uchakavu umebeba sehemu ya malipo ya kwanza iliyotumika, mara moja tu, wala haukuongeza malipo mengine.

Hatua ya tatu, jiulize kwa nini kosa hili lilijificha. Tuandae mizania, yaani orodha ya mali upande mmoja na zilikotoka upande wa pili, kwa njia zote mbili. Faida kwanza: mapato milioni 18, toa malipo milioni 11, toa uchakavu milioni 2, faida 5,000,000. Namba hii ni sahihi kwa kijana na ni sahihi kwangu, maana upande wa debiti hakuna aliyekosea.

Mizania ya kijana: mashine 12,000,000, benki 8,000,000, jumla 20,000,000. Upande wa pili mtaji 15,000,000 na faida 5,000,000, jumla 20,000,000. Imelingana.

Mizania sahihi: mashine 12,000,000 kutoa uchakavu limbikizi, yaani uchakavu uliokusanyika hadi sasa, 2,000,000, inabaki 10,000,000. Benki 10,000,000. Jumla 20,000,000. Nayo imelingana.

Umeona hatari yake? Urari, yaani orodha ya salio zote za debiti na krediti, hautakuonyesha kosa, mizania haitakuonyesha, faida pia haitakuonyesha. Mashine imebaki na bei ya dukani kana kwamba haijasaga hata debe moja, na benki imepunguzwa bure. Makosa mawili yamefichana. Kitakachokuonyesha ni usuluhishi wa benki, pale unapokaa na taarifa ya benki na kitabu chako na kuweka alama mstari kwa mstari. Ukiona kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu chako kama malipo, tena tarehe ya mwisho wa mwaka, tena namba kamili isiyo na hundi wala risiti, lifungue jedwali la uchakavu kabla ya kwenda kuwasumbua watu wa benki. Kijana alikuwa tayari amepanga kwenda.

Hatua ya nne, rekebisha. Usifute wala usipake rangi nyeupe. Gharama ya uchakavu iache ilivyo, kwa kuwa iko sahihi. Andika kwenye jarida:

Debiti: Benki 2,000,000
Krediti: Uchakavu limbikizi wa mashine 2,000,000

Chini yake andika maelezo: kusahihisha uchakavu wa mwaka 2024 uliokrediti benki kimakosa. Kwa mwaka 2025, ingizo la kawaida ni debiti gharama ya uchakavu, krediti uchakavu limbikizi. Benki haitajwi popote.

Hatua ya tano ni taarifa ya mtiririko wa fedha, na hapa wengi hujikwaa upya hata baada ya kuelewa yote niliyosema. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu kinachohusika, IAS 7, kinaruhusu njia mbili. Kwa njia ya moja kwa moja unaandika fedha zilizoingia na zilizotoka: milioni 18 kutoa milioni 11, zimebaki milioni 7 kutokana na shughuli za biashara. Uchakavu hautokei kabisa.

Kwa njia isiyo ya moja kwa moja unaanza na faida. Faida ni milioni 5, lakini ndani yake tayari tulitoa milioni 2 ambazo hazikutoka benki. Kwa hiyo tunazirudisha: 5 jumlisha 2, tunapata milioni 7. Kisha toa milioni 12 za kununua mashine, ongeza milioni 15 za mtaji, ongezeko la fedha ni milioni 10. Tulianza na sifuri, tumemaliza na milioni 10, sawasawa na benki.

Sasa sikiliza, maana nimewasikia hata watu wenye vyeti wakisema kwamba uchakavu unaleta fedha kwa vile unajumlishwa. Jaribu hivi. Tuseme shangazi angekadiria uchakavu wa milioni 4 badala ya 2. Faida ingekuwa milioni 3. Jumlisha milioni 4. Unapata milioni 7 ileile. Uongeze au uupunguze uchakavu utakavyo, fedha kutoka kwenye kusaga haibadiliki hata shilingi. Tunaujumlisha ili kutengua utoaji tulioufanya wenyewe kwenye faida.

Na kodi je? Hapo watu hudhani uchakavu unagusa fedha kwa kupunguza kodi. Nchini Tanzania, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 ina utaratibu wake wa uchakavu, wenye makundi ya mali na viwango vyake. Anayetozwa kodi kwa faida huurudisha kwanza ule uchakavu wa kwenye vitabu, halafu anatoa ule unaoruhusiwa na sheria. Kwa hiyo kinachopunguza kodi ni uchakavu wa kisheria, na fedha inayotoka ni ile kodi inayolipwa. Mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi ya makadirio kwa kuangalia mauzo haguswi na hesabu hii.

Limebaki jambo moja, na nadhani ndilo lililomponza kijana tangu mwanzo. Alipoandika milioni 2 zile, akilini mwake alikuwa "anaweka pembeni" fedha ya mashine mpya. Wazo ni jema, lakini uchakavu hauweki chochote pembeni. Shangazi angeweza kuandika uchakavu miaka yote mitano, akatumia fedha yote kwa karo na harusi, na mashine ikafa akiwa hana hata nauli ya kwenda kuulizia bei ya nyingine.

Kuweka pembeni ni tendo la pili, linalofanyika benki kweli. Shangazi alipolielewa hilo alifungua akaunti ya akiba na kuhamishia milioni 2. Kijana akaandika:

Debiti: Benki, akaunti ya akiba 2,000,000
Krediti: Benki, akaunti ya biashara 2,000,000

Faida haikuguswa, mashine haikuguswa, fedha yote bado ni milioni 10, ila sasa imekaa mahali pawili. Safari hii benki ilikreditiwa kwa haki, na shangazi alipouliza fedha imekwenda wapi, kijana alimwonyesha karatasi ya benki yenye muhuri.