Mchicha, Spinachi na Maji ya Kumwaga

Asanteni. Nadhani wengi wenu mmewahi kula spinachi, mkapitisha ulimi kwenye meno, mkahisi kama yamepakwa chokaa. Hiyo ni oksaleti, kemikali ya asili iliyomo kwenye majani, iliyokutana na kalsiamu. Zikikutana kwenye mkojo mzito, hugandamana zikawa chembe, na chembe zikikua zinakuwa mawe. Mawe mengi ya figo ni ya aina hii.

Gramu 100 za spinachi mbichi zinaweza kuwa na miligramu 600 za oksaleti, hata kupita. Mchicha nao una nyingi. Sukuma wiki na kabichi zina kidogo sana.

Sasa sikilizeni hapa. Ndani ya jani oksaleti iko ya namna mbili. Moja imeshashikana na kalsiamu. Hiyo haiyeyuki kwenye maji, na sehemu kubwa yake hupita tumboni ikatoka na choo. Nyingine inayeyuka, na ndiyo inayoingia kwenye damu kwa urahisi hadi kufika kwenye figo. Kwa hiyo maji ya moto yanaondoa ileile inayotusumbua. Mwaka 2005 watafiti Chai na Liebman walipima mboga kadhaa: kuchemsha kulipunguza oksaleti inayoyeyuka kwa asilimia 30 hadi 87, kutegemea mboga. Kupika kwa mvuke kulipunguza kwa kiasi kidogo kuliko kuchemsha, kwa sababu hakuna maji ya kuibeba.

Tatizo ni upishi wetu. Tunakatakata mchicha, tunaufunika sufuriani "uive kwa maji yake", halafu tunayakausha. Hapo hakuna kilichotoka.

Chemsha maji mengi kwanza, yaweze kufunika majani yote. Tumbukiza mboga iliyooshwa na kukatwa, iache itokote dakika tano hadi kumi, mimina kwenye chujio, kisha ikamue kwa mwiko. Maji hayo ya kijani usiyafanye mchuzi, mwaga. Ndipo uunge kwa kitunguu na nazi. Karanga nazo zina oksaleti, kwa hiyo mwenye mawe asizitie kwa wingi.

Mama pale nyuma anauliza kama aache maziwa, maana jiwe lina kalsiamu. Hapana, mama, usiache. Kalsiamu ukiila pamoja na mboga huikamata oksaleti tumboni kabla haijafika kwenye damu. Bakuli la mtindi, au dagaa wanaoliwa na miba yao, vinafaa kabisa. Cha kupunguza ni chumvi, kwani inaongeza kalsiamu kwenye mkojo.

Kuchemsha kunaondoa pia vitamini C na foleti. Asiyewahi kupata mawe hana haja ya kumwaga maji kila siku. Aliyewahi, amwage, aache juisi ya spinachi mbichi, na anywe maji mpaka mkojo uwe mweupe. Jiwe ambalo tayari lipo halitayeyuka kwa upishi huu. Na kama ni la asidi ya yuriki, mchicha si mkosaji, kwa hiyo likitoka lipeleke maabara.